UZI: Nanunua mpunga Igurusi nauza mchele mpaka Februari, mkopo wa kununulia niombe kiasi gani?

Kijana wa Igurusi

Kamwene wadau. Mimi nipo Igurusi hapa barabarani, nanunua mpunga wa Usangu kuanzia Mei mwishoni hadi Agosti mwanzoni, nausunda stoo, halafu nakoboa kidogo kidogo nauza mchele kadiri bei inavyopanda, mzigo mkubwa unatoka Novemba mpaka Januari. Msimu huu nataka ninunue gunia kama 1,000 kwa wastani wa 75,000, yaani mpunga peke yake ni milioni 75. Nina milioni 18 zangu mkononi.

Nimeenda kwa wakopeshaji, afisa mikopo akaniuliza unataka kiasi gani nikamwambia 75 kwa sababu ndio bei ya mpunga, akaniambia hapana kaandike mwezi kwa mwezi hela inayoingia na inayotoka ndio urudi. Nimeandika, ila sijui sasa naisomaje hiyo karatasi ili nipate namba ya kuomba. Hii hapa, kila kitu ni milioni, humo kwenye kutoka nimeweka mpunga, kukoboa, vibarua, kodi ya stoo, magunia na matumizi ya nyumbani. Mkopo na riba sijaviweka kabisa.

Mei: inaingia 2, inatoka 12
Juni: inaingia 6, inatoka 33
Julai: inaingia 8, inatoka 31
Agosti: inaingia 8, inatoka 11
Septemba: inaingia 10, inatoka 3
Oktoba: inaingia 14, inatoka 3
Novemba: inaingia 18, inatoka 4
Desemba: inaingia 24, inatoka 5
Januari: inaingia 20, inatoka 7 (ada za watoto)
Februari: inaingia 14, inatoka 4
Machi: inaingia 5, inatoka 3
Aprili: inaingia 2, inatoka 3

Zile za Mei na Juni zinazoingia ni mchele wa mwaka jana uliobaki na pumba.

Mnyalu wa Mafinga

Mkuu mbona rahisi, angalia mwezi ulioumia kuliko yote. Juni inaingia 6 inatoka 33, pengo 27. Omba 27 basi, ukiongeza na 18 zako unazo 45, hapo unapeta.

Tunduma Boda

Jumlisha mwaka mzima kaka. Inaingia 131 inatoka 119, unabaki na 12. Biashara inajiendesha hiyo, mkopo wa nini sasa, riba itakula hizo 12 zote.

Kijana wa Igurusi

Boda, hizo 131 nyingi zinakuja Novemba kwenda mbele, wakulima wa huku wanauza Juni na wanataka hela mkononi siku hiyohiyo. Mwenye mpunga hawezi kunisubiri mpaka Krismasi.

Mama Ghala

Kamwene mwanangu. Mimi nimekaa dawati la mikopo miaka mingi kabla sijaanza kuweka nafaka zangu mwenyewe Makambako, ngoja tulifanye hili taratibu.

Mnyalu yupo nusu ya njia. Ni kweli Juni ndio mwezi wenye pengo kubwa, lakini Julai ikifika pengo la Juni bado halijazibwa, linaongezewa jingine juu yake. Kwa hiyo usiangalie mwezi mmoja mmoja, beba salio la mwezi huu ulipeleke mwezi ujao. Anza na 18 zako. Mei unapunguza 10 unabaki na 8. Juni unapunguza 27, umeshuka chini ya sifuri, hasi 19. Julai unapunguza 23, hasi 42. Agosti pengo ni dogo, 3 tu, lakini ndiyo inakupeleka hasi 45. Septemba unaanza kupanda, hasi 38, Oktoba hasi 27, Novemba hasi 13, Desemba unatoka juu ya maji na chanya 6, halafu 19, 29, 31, na Aprili unamaliza na 30.

Sasa tafuta namba ya chini kabisa kwenye huo mstari. Ni hasi 45, mwisho wa Agosti. Hilo ndilo shimo lako. Ona kwamba mwezi wa shimo sio Juni wenye pengo kubwa, ni Agosti ambao ukiutazama peke yake unaonekana mwepesi kabisa. Na ona pia sio 75, kwa sababu 18 ni zako na kuna 24 zinaingia kati ya Mei na Agosti zenyewe zinasaidia kununua.

Kama una kompyuta ni mistari miwili tu. Safu ya B iwe inayoingia, C inayotoka, D salio, na kwenye D2 andika 18.

```
D3:  =D2+B3-C3     (vuta mpaka D14)
D16: =MIN(D2:D14)
```

Mnyalu wa Mafinga

Nimekuelewa mama, kweli ile ya kwangu ingemkwamisha Julai katikati na magunia yapo mlangoni. Kwa hiyo jibu ni 45, uzi ufungwe?

Mama Ghala

Bado, tena sehemu inayoumiza watu ndiyo hii inayofuata. Hiyo 45 ni picha ya tarehe ya mwisho ya mwezi. Kijana niambie, Agosti hela ya mpunga inatoka tarehe ngapi na hela ya mchele inaingia tarehe ngapi? Na Julai vilevile.

Kijana wa Igurusi

Mpunga ni keshi mapema, Agosti nikichelewa kufika tarehe 10 mzuri umeshaisha, watu wa Ubaruku na Chimala wameshausomba. Mchele wateja wangu wakubwa ni wa Dar, wanapakia mzigo halafu wanatuma hela baada ya wiki mbili, wengine tatu. Kwa hiyo naweza kusema nyingi inaangukia mwisho wa mwezi.

Mama Ghala

Basi tarehe 10 Agosti upo wapi? Umeingia mwezi ukiwa hasi 42, umenunua mpunga wa 8, umelipa vibarua na gari tuseme 1, na hakuna hata senti ya mchele iliyoingia. Upo hasi 51. Ile 45 ilikuwa inakudanganya kwa milioni 6, na milioni 6 katikati ya msimu ndio zile unaenda kukopa kwa mtu wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 au 30 kwa mwezi.

Kwa mwezi ambao hela inatoka mwanzoni na inaingia mwishoni, mimi siamini salio la mwisho wa mwezi. Kwa miezi ya ununuzi gawanya kwa wiki. Miezi mingine iache ilivyo, hakuna haja ya kujichosha, maana shimo haliwezi kuwa huko.

Halafu usishuke mpaka sifuri. Acha milioni 2 mkononi za gari kuharibika na mtoto kuugua. 51 na 2 ni 53. Riba tutaiweka ukisema wamekupa masharti gani.

Makambako Pembejeo

Samahani naingilia, mimi nina duka la pembejeo huku Makambako, nimejaribu kufanya hivyohivyo. Naingiza mbolea na mbegu Oktoba na Novemba, kwa hiyo shimo langu ni Novemba, Desemba nauza sana na Januari ninakuwa chanya. Mkopo wa miezi mitatu unanitosha au sio?

Mama Ghala

Ndugu yangu hiyo Desemba unayouza sana, unalipwa Desemba?

Makambako Pembejeo

Nusu keshi. Nusu ni wakulima wangu wa siku zote, wananilipa wakivuna, Julai hivi.

Mama Ghala

Basi hiyo nusu iondoe Desemba uiandike Julai. Karatasi hii inataka siku hela imeshikwa, daftari la madeni lina mahali pake pengine. Ukiihamisha utaona shimo lako haliishi Januari, linapungua kidogo halafu linakaa hapohapo Februari, Machi, Aprili mpaka watu wavune. Mkopo wa miezi mitatu utaiva wakati wateja wako wote wako palizi na hawana kitu.

Makambako Pembejeo

Duh. Ila na mimi muuzaji wa jumla ananipa siku 30 kulipa nusu ya mzigo.

Mama Ghala

Hiyo nayo isogeze mbele mwezi mmoja upande wa kutoka, inakusaidia. Ila siku 30 dhidi ya miezi saba ya wakulima, msaada wake ni mdogo.

Dada Parachichi

Kwa nini msichukue ule mkopo wa halmashauri, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yao? Haina riba na vijana wamo. Huku Njombe kuna vikundi vimepata.

Kijana wa Igurusi

Dada ile ni ya vikundi, asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu, mimi nafanya peke yangu. Na hata ningepata bado ningehitaji kujua naomba ngapi.

Mama, nimerudi kutoka kwa afisa. Masharti yao ni riba asilimia 1.5 kwa mwezi, mkopo wa mwaka mmoja, marejesho sawasawa kila mwezi kuanzia mwezi unaofuata. Ameniambia kwa 54 kila mwezi ni kama milioni 5.3, mtaji 4.5 na riba 0.81. Nimeona inalipika kwa sababu mwaka mzima nabaki na 12.

Mama Ghala

Usisaini hiyo kwanza. Hayo marejesho yaingize kwenye safu ya kutoka uone.

Ukichukua Juni mwanzoni unaanza kulipa Julai. Ukifika mwisho wa Agosti umeshalipa mara mbili, 10.6. Shimo lako la 45 sasa ni 55.6, na hiyo ni mwisho wa mwezi, sijagusa ile tarehe 10. Tarehe 10 Agosti ni 51 na lile rejesho la Julai, zaidi ya 56. Umechukua 54. Yaani mkopo uleule uliokuja kuziba shimo ndio unaolichimba, na ukisema basi niombe 60 rejesho nalo linapanda. Septemba nako hupumui, 7 unazopata 5.3 zinaenda kwao.

Ukisikia mtu wa mazao anasema alikopa akiwa na mahesabu mazuri na bado akauza mpunga wote Agosti kwa bei ya kutupa, mara nyingi ni hapa. Alilazimika kuuza apate rejesho. Faida yako yote ipo kwenye kusubiri Novemba, na ratiba hiyo inakunyima kusubiri.

Nenda kamwombe hivi. Hela ikatwe mara mbili, 30 Juni mwanzoni na zilizobaki Julai mwanzoni, maana Mei unaifanya kwa hela yako na Juni huihitaji yote. Mpaka Oktoba ulipe riba tu. Mtaji uanze Novemba, na ufuate karatasi yako: Novemba 15, Desemba 20, Januari 12, Februari 8. Jumla 55.

Kijana wa Igurusi

55 imetokea wapi, si ulisema 53?

Mama Ghala

Riba mwanangu. Juni unalipia 30 tu, laki nne na nusu. Julai unalipia 55, laki nane na ishirini na tano elfu. Hizo zimeshatoka kabla ya tarehe 10 Agosti, ni kama 1.3. Weka juu ya 53 unapata 54.3, omba 55.

Kwa ratiba hiyo, riba ikiwa inahesabiwa kwenye deni lililobaki, mpaka Februari utakuwa umelipa kama 5.6. Zile 30 za Aprili zinakuwa 24 na kidogo, ulianza na 18. Bado ipo faida, na umekula nyumbani mwaka mzima. Lakini kamuulize riba inahesabiwa kwenye deni linaloshuka au kwenye 55 mwanzo mwisho, maana ile 0.81 aliyokutajia kila mwezi bila kushuka inanitia wasiwasi.

Tunduma Boda

Na wateja wa Dar wakichelewesha? Mimi napakiza mchele kwenda mpakani, mwezi mzima mtu anakwambia kesho.

Mama Ghala

Swali zuri. Tuchukue kila kinachoingia kuanzia Juni kimechelewa mwezi mmoja. Mpaka mwisho wa Agosti utakuwa umepokea 16 badala ya 24, shimo linakuwa 53. Sasa angalia tarehe 10, kabla hela ya mwezi huo haijaingia: umepokea 8 tu tangu Mei, upo hasi 59. Weka riba ya 1.3 unafika 60.3, wakati mkopo ni 55. Umepungukiwa milioni 5.3 hata ukishatumia zile milioni 2 za dharura. Hapo inakatika.

Wateja wakichelewa hivyo mimi singeongeza mkopo, ningepunguza mpunga wa Agosti. Ule wa Agosti ndio wa mwisho, wa bei ya juu, na ndio unaochimba chini kabisa. Ukiacha kununua gunia 80 umepunguza shimo kwa milioni 6. Kubaliana na wewe mwenyewe mapema, kwamba kama tarehe 31 Julai hela fulani haijaingia, Agosti nanunua robo tu.

Mnyalu wa Mafinga

Hapo kwenye kupunguza mama mimi sikubaliani sana. Mpunga wa Agosti ni mkavu, ukoboaji wake ni mzuri, chenga kidogo. Ule wa Mei ndio una maji, unapima gunia likikauka limepungua. Mimi ningepunguza wa mwanzo.

Mama Ghala

Kwa ubora una hoja, na kupungua uzito ni kweli, kijana aangalie kama 131 zake zimehesabu hilo. Ila wa Mei ananunua kwa hela yake na bei iko chini. Na ukisubiri Agosti ukakuta watu wa Ubaruku wameshasomba, umebaki na hela ya mkopo inayokula riba na stoo tupu. Hilo aamue yeye anayeujua mpunga wa huko.

Dada Parachichi

Mimi kinachonitia wasiwasi ni Oktoba. Kwa hiyo ratiba ya riba tu, Oktoba anakuwa na hela ngapi mkononi?

Mama Ghala

Dada umeona kitu. Hasi 27, ongeza 55, toa riba ya mpaka hapo 3.75, ana milioni 24 taslimu na hajalipa mtaji hata shilingi. Miaka yangu yote ya dawati hapo ndipo watu wanaponunua kiwanja. Inaonekana ni faida kumbe ni mtaji wa mkopeshaji unaosubiri Novemba. Kama mkataba unaruhusu kulipa kabla ya muda bila faini, Oktoba peleka 10. Utaokoa laki moja na nusu ya riba ya mwezi mmoja na kiwanja hakitakuita. Rejesho la Novemba ulipunguze kwa kiasi hicho.

Kijana wa Igurusi

Wadau mrejesho. Afisa amekubali riba tu mpaka Oktoba, amesema karatasi ya mwezi kwa mwezi ndio imemshawishi, akaipiga picha. Kukata hela mara mbili amekataa, anasema mfumo wao unatoa yote siku moja. Riba ni ya deni linaloshuka, ile 0.81 alikuwa ananikadiria tu. Kulipa mapema kuna faini lakini hajaniambia ni kiasi gani, amesema itaandikwa kwenye mkataba.

Mama Ghala

Kutoa yote Juni kunakuongezea riba ya 25 kwa mwezi mmoja, 375,000. 55 bado inatosha, tarehe 10 Agosti unahitaji 54.65. Ila usichukue Juni tarehe 1 kama mpunga unaanza kusogea tarehe 8, kila wiki unayosubiri ina thamani. Na zile 25 za Julai ziweke akaunti nyingine ambayo haina kadi.

Faini ya kulipa mapema ifanye hesabu mkataba ukija. Oktoba ukilipa 10 kabla ya Novemba unaokoa 150,000 kwa mwezi huo, kama faini inazidi hapo basi hela ikae ilipo mpaka Novemba.

Kijana wa Igurusi

Sawa mama, nashukuru sana. Swali moja limebaki, dhamana wanataka nyumba na mimi mpunga wenyewe stoo utakuwa wa 75 mwezi Agosti. Kuna mtu humu amewahi kuweka mpunga ghala lenye stakabadhi akakopea hiyo, halafu akawa anautoa kidogo kidogo kukoboa? Nataka kujua wanakuruhusu kutoa gunia 50 tu au mpaka ulipe kwanza.

Tunduma Boda

Niliwahi kwa mahindi, sio mpunga. Nilikuwa nalipa sehemu ya deni ndio wanaachia sehemu ya mzigo. Kwa wewe unayekoboa kila wiki sijui kama itakwenda, kauliza ghala lenyewe kabla hujasaini huko kwingine.

Makambako Pembejeo

Mimi nimerudia yangu na wakulima wa Julai. Shimo limetoka 14 likawa 19 na linakaa mpaka Juni. Mama Ghala nikikutumia karatasi utaniangalizia? Nataka kujua kama niombe ovadrafti au mkopo wa miezi tisa.

Mama Ghala

Weka hapahapa ndugu, gawanya Novemba kwa wiki kwanza.